Nani asimame wapi: mzunguko na makosa ya nafasi katika mpira wa wavu

Timu inayoanza mpira wa wavu hupoteza pointi nyingi kabla mpira haujaguswa na mtu yeyote wa upande wao. Mwamuzi anapuliza filimbi, anazungusha kidole cha shahada hewani, wapinzani wanashangilia, na wachezaji sita wanatazamana wasijue nani kakosea. Kosa hilo ni la nafasi. Kanuni yake ni fupi. Huonekana ngumu kwa sababu watu hufundishwa kukariri namba kabla ya kuelewa zinalinda nini.

Tuanze na uwanja. Upande wa timu moja ni mraba wa mita 9 kwa 9, na umbali wa mita 3 kutoka mstari wa kati umechorwa mstari wa mashambulizi. Wachezaji watatu ni wa mbele, watatu wa nyuma. Ukiwa umeutazama wavu, namba 1 iko nyuma kulia, ndiyo ya mpiga sevu. Namba 2 iko mbele yake, 3 mbele katikati, 4 mbele kushoto, 5 nyuma kushoto na 6 nyuma katikati. Ili mfano wetu ufuatike kirahisi, timu yetu ina wasichana sita ambao majina yao yanaanza na A hadi F:

```
------------- wavu -------------
 4 Dalila    3 Chiku    2 Bahati
 5 Eshe      6 Fatuma   1 Asha
```

Asha na Dalila ni maseta, na wamewekwa mkabala, mmoja mbele na mwingine nyuma, ili kila wakati kuwe na seta mmoja kwenye safu ya mbele. Huo ndio mpango unaozifaa timu changa: seta wa mbele ndiye anayepanga mipira, na seta wa nyuma anabaki kuwa mpokeaji na mlinzi kama wengine.

Mpangilio huo kocha anauandika kwenye karatasi na kuikabidhi kabla ya kila seti. Ikishapokewa, ndio mkataba wa seti nzima. Mchezaji akibadilishwa, anayeingia anairithi nafasi ya anayetoka, hachagui nyingine.

Mzunguko wenyewe hufanyika kwa sababu moja tu: timu iliyokuwa inapokea sevu imeshinda mpira na sasa inapata haki ya kupiga. Hapo wote sita husogea nafasi moja kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Wa 2 anarudi 1, wa 1 anakwenda 6, wa 6 anakwenda 5, wa 5 anapanda 4, wa 4 anakwenda 3, wa 3 anakwenda 2. Timu ikiendelea kushinda ikiwa inapiga yenyewe, hakuna kuzunguka, na mpigaji ni yule yule. Ikipoteza sevu, nayo haizunguki. Inasubiri mpaka iishinde tena.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa wengi katika mpira wa kwanza kabisa wa seti. Karatasi inasema Asha yuko namba 1, basi Asha anadhani yeye ndiye mpigaji wa kwanza. Ni kweli iwapo timu yetu inaanza na sevu. Lakini tukianza kwa kupokea, tukashinda mpira, lazima tuzunguke kwanza, na Bahati aliyekuwa namba 2 ndiye anayekwenda kupiga. Asha atasubiri mpaka wengine watano wapige. Kwa hiyo kocha mwenye mpigaji mmoja hodari hungoja kujua matokeo ya kurusha sarafu ndipo aamue amwandike 1 au 2.

Sasa tuje kwenye kosa la nafasi. Nafasi hukaguliwa katika nukta moja ya wakati, pale mkono wa mpiga sevu unapougusa mpira. Kabla ya hapo unaweza kutembea utakavyo. Baada ya hapo unaweza kukimbilia popote upande wenu. Kanuni haijali kama umesimama kwenye kijisanduku chako. Inajali uko wapi ukilinganishwa na jirani zako, na majirani ni wa aina mbili tu.

Aina ya kwanza ni mbele na nyuma. Kila mchezaji wa nyuma ana mwenzake wa mbele: 1 na 2, 6 na 3, 5 na 4. Wa nyuma asiwe karibu na mstari wa kati kuliko mwenzake huyo. Kipimo ni miguu iliyo chini: wa nyuma yuko salama ikiwa sehemu ya mguu wake mmoja iko mbali zaidi na mstari wa kati, au iko sawa, ikilinganishwa na mguu wa mbele wa mwenzake. Mikono, kichwa na kiwiliwili havihesabiwi. Aliye hewani kwa kuruka huhesabiwa pale miguu yake ilipogusa chini mara ya mwisho.

Aina ya pili ni kushoto na kulia ndani ya safu moja. Mbele, wa 4 awe kushoto kwa wa 3, na wa 3 awe kushoto kwa wa 2. Nyuma, wa 5 kushoto kwa wa 6, na wa 6 kushoto kwa wa 1. Hapa pia miguu ndiyo hakimu, na kuwa sawa kunaruhusiwa.

Hayo ndiyo yote. Mchezaji wa pembeni ana majirani wawili wa kuwaangalia, wa katikati ana watatu. Wa 4 hana uhusiano wowote na wa 6, wala wa 5 na wa 3. Fatuma akiwa namba 6 anaweza kusimama kushoto zaidi ya Dalila wa namba 4, na si kosa, mradi Eshe yuko kushoto kwake na Chiku yuko mbele yake. Hili huwashangaza watu wakitazama timu za ngazi ya juu, kama Malkia Strikers wa Kenya, zikisubiri sevu. Unaona wachezaji watatu wamebanana kwenye kona moja ya uwanja na nusu nyingine iko wazi, ukadhani wamechanganyikiwa. Kumbe kila mmoja yuko sahihi na jirani zake, na wamejibana hivyo makusudi ili seta awe na njia fupi ya kukimbilia wavuni.

Sasa tuiweke timu yetu uwanjani, ikipokea, Dalila akiwa namba 4. Huu ndio mzunguko mgumu kuliko yote kwa mpango wetu, kwa sababu seta anatakiwa apange mipira kutoka katikati ya wavu na karatasi inamweka kushoto. Tunapokea kwa watu watano waliosimama kwa umbo la W, na seta peke yake wavuni.

Chiku anachukua upande wa kushoto, mita 2 kutoka mstari wa pembeni na kama mita 4 na nusu kutoka wavuni. Bahati anafanya hivyo hivyo kulia. Fatuma yuko katikati ya uwanja, mita 5 na nusu kutoka wavuni. Eshe na Asha wako nyuma yao, mita 7 na nusu kutoka wavuni, kila mmoja mita 3 kutoka mstari wa pembeni wa upande wake. Dalila anasimama mita 1 kutoka wavuni na mita 1 kutoka mstari wa kushoto.

Pitia majirani mmoja mmoja. Dalila yuko mita 1 kutoka kushoto na Chiku mita 2, kwa hiyo wa 4 yuko kushoto kwa wa 3. Chiku na Bahati hawana shida, uwanja mzima uko kati yao. Nyuma, Eshe, Fatuma na Asha wamefuatana kutoka kushoto kwenda kulia kwa mita 3, 4 na nusu, na 6. Mbele na nyuma, Eshe yuko nyuma ya Dalila kwa zaidi ya mita 6, Asha nyuma ya Bahati kwa mita 3, na Fatuma nyuma ya Chiku kwa mita 1. Tuko halali.

Makosa mawili hujirudia katika mzunguko huu. La kwanza ni la Dalila. Anajua atatakiwa katikati, na mpigaji wa upande wa pili anapourusha mpira juu, miguu yake inaanza kuteleza kuelekea kulia. Akifika mita 3 kutoka mstari wa kushoto kabla mpira haujapigwa, Chiku yuko kushoto kwake na filimbi inalia. Dawa yake ni kumfundisha seta asikilize mlio wa mkono ukigonga mpira. Na hahitaji kujibana pembeni kabisa mwa uwanja: anaweza kusimama karibu mbele ya Chiku, mradi mguu wake wa kushoto uko karibu na mstari wa kushoto kuliko mguu wa kulia wa Chiku. Hata hivyo, kwa timu changa afadhali pabaki hatua nzima kati yao, kwa sababu Chiku naye hucheza miguu akisubiri mpira, na anayeacha sentimita mbili tatu tu atakuja kujuta. Akimsimamia mbele kabisa pia atamziba macho.

La pili ni la Fatuma, na ndilo makocha wengi hawalioni. Fatuma anaona seta yuko wavuni, anadhani huyo ndiye mtu aliye mbele yake, na anajiona huru kusogea mbele akihofia sevu fupi. Lakini jirani wa mbele wa namba 6 ni namba 3, na namba 3 katika mzunguko huu ni Chiku, aliyerudi mita 4 na nusu kuja kupokea. Fatuma akisogea hadi mita 4 huku Chiku akiwa bado pale, wa nyuma amempita wa mbele. Wala hawako karibu, wametengana kwa upana wa mita mbili na nusu, ndiyo maana haimjii akilini kwamba Chiku anamhusu. Wapeni neno la kukumbushana: kabla ya kila sevu Fatuma anamwita Chiku kwa jina, na Chiku anainua mkono.

Wakishinda mpira huo wanazunguka mara moja, Bahati anapiga, na wakipoteza sevu watapokea kwa sura mpya. Dalila sasa ni namba 3, katikati ya wavu, mahali anapotakiwa hasa. Eshe (4) anapokea kushoto, Chiku (2) kulia, Asha (6) katikati, Fatuma (5) na Bahati (1) nyuma. Huu ni mzunguko wa mapumziko, W imenyooka na hakuna anayehitaji kukimbia. Ukizunguka tena, Dalila anafika namba 2, na picha ya kwanza inageuka kama kwenye kioo. Anasimama wavuni kulia, na Eshe ambaye sasa ni wa 3 anapokea upande wa kulia lakini lazima abaki kushoto kwa Dalila. Fatuma (4) yuko kushoto, na Bahati (6) wa katikati sasa anamchunga Eshe ili asimpite. Mzunguko unaofuata unamrudisha Dalila nyuma na kumleta Asha namba 4, na yote yanaanza upya kwa majina mengine. Kwa mpango huu, basi, timu inajifunza sura tatu za kupokea, si sita.

Mpira ukishapigwa, Dalila anakimbilia katikati na Chiku, ambaye ni mshambuliaji, anabaki kushoto. Wamebadilishana, na ni halali mpaka mpira ufe. Ila kubadilishana mahali hakubadilishi safu. Asha ni wa nyuma hata akikimbilia wavuni: haruhusiwi kuzuia, wala kuupeleka ng'ambo mpira ulio juu kabisa ya ukingo wa wavu akiwa ameukanyaga mstari wa mita 3 au ameruka kutoka mbele yake.

Hapo kwenye kubadilishana ndipo linapozaliwa kosa kubwa zaidi, la mzunguko. Tuseme timu yetu inapokea, Dalila akiwa 4, na inashinda mpira. Matokeo yanakuwa 8 kwa 6. Dalila yuko katikati, Chiku kushoto, kama walivyobadilishana. Nahodha anapaza sauti, "Zungukeni!" na kila mtu anasogea nafasi moja kutoka hapo alipojikuta. Dalila anakwenda kulia, namba 2. Chiku anaingia katikati, namba 3. Hakuna anayestuka, maana Bahati anakwenda kupiga na yeye ndiye hasa wa zamu. Lakini mnyororo wa majina umekatika: ulikuwa A, B, C, D, E, F, na sasa ni A, B, D, C, E, F.

Bahati anapiga, wapinzani wanashinda: 8 kwa 7. Timu yetu inatakiwa kupokea, Dalila yuko kulia kwa Chiku badala ya kushoto kwake. Kwa mujibu wa karatasi, wa 3 sasa ni Dalila na wa 2 ni Chiku, lakini wao wamesimama kinyume. Mwamuzi akiwa macho, pointi imekwenda, na nafasi zinarekebishwa hapo hapo. Asipoona, timu yetu inashinda mpira huo, 9 kwa 7, inazunguka, na anayekwenda nyuma kupiga ni Dalila wakati zamu ni ya Chiku. Karani wa mezani anatakiwa kubonyeza king'ora mara tu sevu hiyo inapopigwa. Tuseme amechelewa, Dalila amepiga tatu na matokeo yamefika 12 kwa 7. Kosa likigunduliwa, pointi tatu zilizopatikana tangu sevu ya Dalila zinafutwa, timu yetu inarudi 9, wapinzani wanapewa pointi moja na sevu. Kutoka 12 kwa 7 mmeshuka hadi 9 kwa 8. Pointi ambazo wapinzani wangekuwa wamepata katikati hazifutwi. Ikiwa karani hawezi kuonyesha kosa lilianza wapi, adhabu inabaki ile pointi moja na sevu.

Kinga yake ni mpangilio wa vitendo. Mpira ukifa, kila mtu kwanza anarudi mahali pake pa karatasi, halafu ndipo timu inazunguka. Hatua mbili, si moja. Na badala ya kukariri namba, ambayo hubadilika kila mara, kila mchezaji akariri jina moja ambalo halibadiliki seti nzima: nani anapiga kabla yangu. Chiku anamfuata Bahati. Dalila anamfuata Chiku. Bahati akimaliza zamu yake, Chiku anajua, hata kama kila mtu anapiga kelele jina jingine.

Kuhusu timu inayopiga sevu, kanuni zimelegea hivi karibuni. Mpiga sevu mwenyewe hajawahi kubanwa na nafasi wakati wa kupiga, kwa kuwa yuko nje ya mstari wa mwisho. Kwa wenzake watano, kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIVB, za 2025–2028 zinawaruhusu kusimama popote upande wao wakati sevu inapigwa, hivyo wanaweza kuwa wameshabadilishana tayari. Kinachobaki ni zamu ya kupiga tu. Lakini mashindano ya shule na ya mitaa mara nyingi huendeshwa kwa kanuni za zamani, ambazo zilizibana timu zote mbili. Ulizeni kwenye kikao cha kabla ya mchezo. Msipopata jibu la wazi, simameni kwa utaratibu mkipiga na mkipokea, haina gharama.

Jambo jingine linalozua ubishi ni sevu mbovu. Wapinzani wamepiga sevu ikanasa wavuni, timu yetu inaruka kwa furaha, kumbe mwamuzi wa pili alishapuliza kwa kosa letu la nafasi. Pointi ni ya nani? Ni ya wapinzani, kwa sababu kosa letu lilitokea mpira ulipoguswa na mkono, na lao lilitokea baadaye, mpira ulipofika wavuni. Lakini kama mpigaji wao alikanyaga mstari wakati wa kupiga, au hakuwa wa zamu, kosa lake la sevu ndilo linaloadhibiwa, hata kama nasi tulikuwa tumekosea nafasi.

Mazoezini, nusu saa bila mpira inatosha kuanza. Wapangeni sita kwa sura ya Dalila akiwa 4, kocha asimame ng'ambo akiinua mkono kama anayepiga sevu. Akipiga kofi, wote wakimbilie mahali pao pa kuchezea. Akisema "umekufa", warudi pa karatasi. Akisema "yetu", wazunguke. Mara kwa mara ainue mkono asipige kofi: atakayesogea ndiye atakayekuja kuitoa pointi siku ya mchezo. Na uwanjani, ikitokea hamna uhakika kabla ya sevu kupigwa, nahodha anayecheza ana haki ya kumwomba mwamuzi athibitishe nafasi za timu. Afanye hivyo mpira ukiwa umekufa.